Donge la feraiti kwenye waya: namna ya kujua kama litaondoa mikwaruzo kwenye redio ya gari lako

Swali hili linaletwa na madereva, linaletwa na vijana wanaojifunza ufundi, na linaletwa na watu waliofunga kamera ya dashibodi juzi tu: "Fundi, lile donge jeusi kwenye waya wa chaja ya laptop lina kazi gani? Nikifunga kama lile kwenye gari, redio itaacha kukwaruza?"

Jibu fupi ni kwamba linaweza kusaidia sana, na linaweza lisisaidie hata kidogo. Inategemea kelele inaingia redioni kwa njia gani. Uzuri ni kwamba njia hiyo unaweza kuijua kabla hujatoa hata shilingi, ukiwa umeegesha gari tu na kuchomoa kitu kimoja baada ya kingine.

Mwongozo huu unashika tatizo moja ninalokutana nalo zaidi hapa Moshi na Arusha: chaja ya simu au kamera ya dashibodi iliyochomekwa kwenye soketi ya kiberiti, na redio ya FM inayoanza kukwaruza mara tu kifaa hicho kinapowashwa. Ukilielewa tatizo hili, taa ya LED au chaja ya nyumbani utaishughulikia kwa mtindo uleule.

Kinachofanyika ndani ya donge

Ukivunja plastiki ya nje utakuta bomba fupi la rangi nyeusi au kijivu iliyokolea, gumu na lenye kuvunjika kama kigae. Hiyo ndiyo feraiti. Hutengenezwa kwa oksidi ya chuma iliyochanganywa na madini mengine, kama nikeli na zinki, kisha ikachomwa kwenye tanuri. Hakuna waya uliounganishwa humo wala kifaa kingine chochote. Waya unapita katikati tu.

Sasa tazama chaja ya gari. Kazi yake ni kushusha volti 12 za betri ziwe 5, na inafanya hivyo kwa kuukata na kuuachia umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kila inapokata, unatokea mshtuko mkali wa umeme, na mishtuko hiyo inazaa kelele zinazopanda hadi masafa ya FM, yaani kati ya megahezi 87.5 na 108. Chaja iliyotengenezwa vizuri ina vichujio ndani vya kuzuia kelele hizo zisitoke. Chaja nyingi za bei ya chini hazina.

Kelele ikishatoka kwenye chaja inapanda kwenye waya unaokwenda kwenye simu au kamera, na waya huo unageuka antena. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na robo yake ni sentimita 75. Waya wowote wenye urefu wa kati ya sentimita 75 na mita kadhaa unaweza kurusha kelele ya FM vizuri mno, na waya wa chaja ya simu au wa kamera uko humo humo.

Donge linajuaje kipi ni kelele na kipi ni umeme wa kuchaji? Umeme wa kuchaji unakwenda kwa waya mwekundu na kurudi kwa mweusi. Nyaya zote mbili zinapita kwenye tundu moja, kwa hiyo sumaku ya mmoja inafuta sumaku ya mwenzake na feraiti haihisi kitu. Kelele tunayoisema inapita kwenye nyaya zote kwa pamoja, kuelekea upande mmoja. Hiyo haifutiki. Feraiti inaihisi, inaikaba, na inaigeuza kuwa joto dogo ambalo mkono wako hauwezi kulihisi.

Kwa sababu hiyo donge halipunguzi kasi ya kuchaji wala haliharibu data inayopita kwenye waya wa USB. Na kwa sababu hiyo hiyo ni lazima kebo nzima ipite tunduni. Wapo wanaochuna kebo na kupitisha waya mwekundu peke yake wakidhani wanachuja vizuri zaidi. Ukifanya hivyo umeme wote wa kuchaji unaijaza feraiti sumaku, inashiba, na inaacha kukaba kelele.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Madonge mawili ya feraiti ya aina ya kufungua na kubana, yenye tundu linaloweza kupitisha waya wako zaidi ya mara moja. Tundu la milimita 9 hadi 13 linatosha kwa kebo nyingi za USB.
- Sumaku ndogo yoyote, hata ya spika iliyokufa.
- Mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya.
- Mtu wa kukaa kwenye kiti na kusikiliza wakati wewe unachomoa na kuchomeka.
- Kituo cha redio kinachosikika kwa shida kidogo pale ulipoegesha. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya kwanza.

Kama madonge ya dukani hayapatikani, pita kwa mafundi wa kompyuta au kwenye mabanda ya vifaa vilivyotumika kule Mbuyuni au Kiboroloni, ukatafute kebo za zamani za skrini za kompyuta. Nyingi zina donge kila mwisho. Plastiki yake inakatwa taratibu kwa kisu, ukifuata urefu wa waya, bila kuligonga donge. Tatizo la hayo ni kwamba ni bomba zima, halifunguki, na kichwa cha USB cha kawaida chenye upana wa milimita 12 hakipiti. Yanafaa tu pale unapoweza kuchomoa waya kwenye skrubu au kuukata na kuuchomelea upya.

Likague donge kabla ya kulilipia. Feraiti hii yenyewe si sumaku, ila sumaku inaivuta kwa nguvu. Lifungue, gusisha sumaku kwenye kipande cheusi cha ndani. Kama haishiki, umeshika plastiki tupu. Tazama pia nyuso mbili zinazokutana linapofungwa: ziwe laini na zigusane kabisa. Mwanya mdogo kama unene wa karatasi kati ya vipande viwili unaondoa sehemu kubwa ya nguvu ya donge, hivyo lenye ufa au lililomeguka pembeni liache hapo hapo.

Tahadhari moja kwa wanaookota vifaa kwenye pawasaplai za kompyuta: zile pete za njano zenye upande mmoja mweupe si feraiti. Ni unga wa chuma uliogandishwa, umetengenezwa kwa kazi nyingine, na kwenye FM hautakusaidia.

Hatua

1. Egesha, kisha tafuta kituo dhaifu. Zima injini, weka ufunguo mahali ambapo redio na soketi vinapata umeme. Usijaribu kwa kituo chenye nguvu, kwa sababu redio ya FM hukamata wimbi lenye nguvu zaidi na kulifunika lililo dogo. Ukiwa Moshi mjini na unasikiliza kituo cha hapa hapa, chaja mbovu inaweza isisikike kabisa. Endesha kuelekea Arusha, na kadiri unavyopita Boma Ng'ombe kituo kile kinapungua nguvu na kelele ya chaja inajitokeza, ingawa chaja haijabadilika. Watu wengi hudhani kuna nguzo au mtambo njiani unaosumbua. Usitumie pia sehemu isiyo na kituo, maana hapo redio inachemka yenyewe hata bila chaja na hutasikia tofauti.

2. Zima kila kitu. Chomoa chaja, kamera, chochote kilichoongezwa baada ya gari kununuliwa. Sikiliza. Hiyo ndiyo hali safi ya redio yako mahali hapo. Ikiwa inakwaruza hata sasa, ruka moja kwa moja kwenye sehemu ya matatizo, kwa sababu donge kwenye waya wa kamera halitagusa kelele hiyo.

3. Chomeka chaja peke yake, bila waya. Kwa chaja yenye tundu la USB ni rahisi: ingiza kichwa kwenye soketi, uache tundu wazi. Sikiliza.

4. Ongeza waya, lakini usiunganishe kamera au simu. Sikiliza tena.

5. Sasa unganisha kifaa na ukiwashe. Sikiliza mara ya mwisho.

Hatua hizi tatu ndizo zinazoamua, kwa hiyo usizikimbize. Kelele ikiwa haipo kwenye hatua ya 3 na ikatokea kwenye ya 4 au ya 5, basi waya ndio antena na donge lina nafasi nzuri ya kusaidia. Kelele ikiwa imeshajaa kwenye hatua ya 3, chaja yenyewe inaimwaga kupitia nyaya za gari za volti 12 au moja kwa moja kutoka kwenye mwili wake. Donge kwenye waya wa USB halitaikuta huko. Hapo dawa ya kwanza ni kubadili chaja. Ila usiishie hatua ya 3 kwa haraka: chaja isiyo na mzigo huwa inafanya kazi kidogo tu, na kelele yake kamili huja pale inapotoa umeme.

6. Sogeza waya kabla ya kufunga donge. Kifaa kikiwa kimewashwa, ushike waya na usogeze mbali na redio, mbali na nguzo za dirisha, mbali na njia inayopita waya wa antena. Kama kelele inapanda na kushuka kadiri unavyosogeza, umethibitisha kwa mara ya pili kwamba waya unarusha. Na huenda umeshapata nusu ya dawa bila gharama. Waya wa kamera uliopitishwa sambamba na waya wa antena ndani ya nguzo moja ni kosa ninalolikuta kila mara.

7. Funga donge upande wa chaja. Liwe karibu na chaja kadiri inavyowezekana, ndani ya sentimita 5. Lengo ni kuikaba kelele kabla haijapata urefu wa kurukia. Ukilifunga katikati ya waya, ile nusu iliyo kati ya chaja na donge inaendelea kuwa antena.

8. Pitisha waya mara mbili tunduni. Fungua donge, laza waya, uzungushe kwa nje, uulaze tena, kisha ubane. Kila waya unapopita ndani ya tundu inahesabiwa mara moja. Watu wengi hubana mara moja tu na kukata tamaa, na ndiyo maana hatua hii naitilia mkazo. Nguvu ya kukaba hukua kwa mraba wa idadi: mara mbili inakupa nguvu mara nne, mara tatu inakupa mara tisa kwa hesabu.

Chukua mfano wa namba. Donge la kawaida la kubana, waya ukipita mara moja, linaweza kukaba kwa omu 150 kwenye megahezi 100. Tuseme waya wenyewe ukiwa antena unazuia kelele kwa omu 150 pia. Ukiongeza donge, jumla inakuwa 300, na kelele inapungua hadi nusu. Kwa sikio, nusu ni kidogo sana, unaweza hata usiitambue. Ukipitisha mara mbili, donge linakuwa omu 600, jumla 750, na kelele inashuka hadi sehemu ya tano. Hiyo utaisikia.

Kwa nini basi tusizungushe mara kumi? Kwenye FM mizunguko mingi inaanza kuharibu. Nyaya zikilaliana, kelele ya masafa ya juu inaruka kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine bila kupita kwenye feraiti. Mara mbili ni pazuri, mara tatu inafaa kujaribiwa kama nafasi ipo, na hutapata zile mara tisa kamili za hesabu. Zaidi ya hapo huwa napoteza kuliko kupata. Kwa redio ya mawimbi ya kati au mafupi mambo ni tofauti: huko mizunguko mingi inahitajika, na mara nyingi feraiti ya mchanganyiko mwingine.

9. Hakikisha limefunga hadi likalia. Ukilazimisha waya mnene, kifuniko kinabaki wazi kidogo, na ule mwanya niliousema unakula kazi yako yote. Kama halifungi bila kusukumwa, tafuta lenye tundu kubwa zaidi. Usikunje waya kwa ukali hadi ukavunjika ndani.

10. Sikiliza tena, mahali palepale, kituo kilekile. Usisogeze gari. Hata mita moja inabadilisha nguvu ya kituo dhaifu, nawe utaisifu au kuilaumu feraiti bure.

11. Ongeza donge la pili upande wa kamera ikiwa bado kuna kelele. Kamera nayo ina saketi zake zinazopiga kelele, na zinatoka kupitia waya huo huo. Donge la chaja haliwezi kuzizuia kwa sababu liko mbali nazo. Ndiyo maana kebo za skrini zina donge kila mwisho, na ndiyo maana donge la chaja ya laptop mara nyingi liko karibu na kichwa kinachoingia kwenye laptop.

12. Funga kila kitu kisitikisike. Donge lenye feraiti lina uzito, na kwenye barabara ya vumbi litagongagonga hadi livunjike. Lifunge kwa mkanda wa plastiki pembeni ya soketi au chini ya dashibodi, mbali na pedali za miguu. Usilifiche ndani ya plastiki ya nguzo ya dirisha ikiwa gari lako lina mifuko ya hewa ya pembeni, maana humo ndimo inamofungukia.

Kazi moja, tangu mwanzo hadi mwisho

Dereva mmoja wa Noah anayebeba abiria kati ya Moshi na Arusha alikuja akiwa ameshabana donge moja. "Fundi, nimeambiwa hiki ndicho kinaondoa kelele. Sioni tofauti." Donge lilikuwa nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, karibu na kamera, waya umepita mara moja. Chaja ilikuwa chini kabisa, karibu mita tatu za waya kutoka hapo.

Tuliegesha sehemu ambayo kituo chake cha Moshi kilikuwa kimeanza kudhoofika. Kila kitu kikiwa kimechomolewa, redio ilikuwa inasikika vizuri, na uchemkaji mdogo nyuma ya sauti ya mtangazaji. Chaja peke yake: hakuna mabadiliko. Chaja na waya: mkwaruzo mdogo. Kamera ilipowashwa, maneno ya mtangazaji yalizama.

Nilipochomoa waya kwenye nguzo ya dirisha na kuuacha uning'inie katikati ya gari, kelele ilipungua waziwazi. Waya wa antena wa gari lile ulishuka kwenye nguzo ile ile. Tukahamishia waya wa kamera upande wa pili, tukachukua lile lile donge lake, tukalileta karibu na chaja na kupitisha waya mara mbili. Mtangazaji akarudi. Tulibana la pili karibu na kamera, na hapo tofauti ilikuwa ndogo, lakini nililiacha kwa sababu lilikuwa halina madhara.

Nilimwambia wazi, "Ukikaribia Usa River kituo hiki kitaendelea kupotea, hata kamera ikiwa imezimwa. Huko ni umbali, donge haliwezi kukurudishia." Kilichoondoka ni kelele ya kamera tu.

Ikiwa bado inakwaruza

*Kelele ipo hata vyote vikiwa vimechomolewa, na inapanda kadiri unavyokanyaga mafuta.* Kama ni tiktiki za haraka zinazofuata mzunguko wa injini, angalia plagi na nyaya zake. Kama ni mluzi unaopanda, shuku altaneta. Tengeneza huko kwanza.

*Mluzi unasikika ukicheza muziki wa simu kwa waya wa sauti, lakini ukiweka FM unaisha.* Hii si kelele ya redio. Simu inachaji kwenye soketi na wakati huo huo imeunganishwa na redio kwa waya, hivyo umeme wa ardhi ya gari unapita kwenye njia ya sauti. Masafa yake ni ya chini sana, yale ambayo sikio linayasikia moja kwa moja, na feraiti ya kubana haiyagusi. Jaribu kuchomoa chaja huku muziki unacheza. Mluzi ukikoma, tumia bluutuuthi, au nunua kile kitenganishi kidogo cha waya wa sauti chenye transfoma ndani.

*Muungurumo mzito wa umeme kwenye redio au spika za nyumbani.* Ule wa hezi 50 wa umeme wa ukutani nao uko chini mno. Donge halitausikia. Kagua waya wa ardhi na mpangilio wa plagi.

*Redio ya gari la Kijapani inakwaruza kwenye vituo vyote.* Hapa kwetu hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Redio nyingi zilizokuja na magari kutoka Japani zinaishia megahezi 90, kwa hiyo mafundi hufunga ekspanda, kijiboksi kinachokaa kati ya waya wa antena na redio na kushusha masafa. Ekspanda ya 12, kwa mfano, inakufanya usikilize kituo cha 100 ukiwa umeweka 88. Kijiboksi hicho kinahitaji umeme na ardhi nzuri, na plagi zake zikilegea, waya wa antena unapoteza kinga yake na kila kelele ya gari inaingia. Toa redio, chomoa na uchomeke plagi zote mbili za ekspanda, kaza waya wake wa ardhi, kisha sikiliza upya. Ukikuta vituo vyote vimepata nguvu, tatizo lilikuwa hapo na hukuhitaji feraiti.

*Kelele inaanza ukiwasha taa kubwa.* Umebadilisha balbu za kawaida ukaweka za LED. Kisanduku kidogo kilicho nyuma ya balbu kinakata umeme kama chaja inavyofanya. Bana donge kwenye waya wa balbu, karibu kabisa na kisanduku hicho, kila upande wa gari. Pitisha nyaya zote za balbu kwa pamoja, mara mbili kama zinapita. Hapo kuna joto la taa na injini, kwa hiyo funga imara na usiache plastiki ya donge ikagusa sehemu ya nyuma ya balbu. Balbu nyingine zinamwaga kelele nyingi mno hata madonge mawili hayatoshi, na dawa yake ni kuzitoa.

*Donge lilisaidia mwanzoni, sasa kelele imerudi.* Lifungue. Mara nyingi utakuta feraiti imepasuka au kipande kimoja kimetoka mahali pake na nyuso hazikutani tena. Gundi hairudishi feraiti iliyopasuka, kwa sababu gundi yenyewe ni mwanya. Weka jingine.

*Umebadilisha chaja na kelele imekwisha, ukiwa umeshanunua madonge.* Yatoe kwenye gari na uyaweke kwenye kisanduku cha vifaa. Chaja tulivu haihitaji donge.